Tangi kubwa si hoja: maji ya zimamoto ni yale yasiyoguswa

Muhula uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa fizikia, wa kidato cha tatu, kulizuru jengo moja refu la makazi jijini Nairobi. Jina la jengo hilo silitaji, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu, na kwa kuwa majengo yanayofanana nalo si machache. Lina orofa 18, na kila orofa ina nyumba nne. Kabla ya kushika chaki niliwahi kufanya kazi ya uhandisi wa mabomba kwa miaka kadhaa, na msimamizi wa jengo hilo, mzee mmoja mkarimu, tulifahamiana tangu enzi hizo. Alitukubalia tupande hadi orofa ya mwisho tukiwa na ndoo moja ya lita 20 na saa ya mkononi.

Ukutani, karibu na ngazi, palikuwa na ule mpira mwembamba wa kuzimia moto uliozungushwa kwenye gurudumu jekundu. Msomaji bila shaka ameuona katika ofisi, hospitali na mabweni. Mpira huo haukuwekewa wazima moto. Umewekewa mimi na wewe, ili tuukabili moto ungali mchanga kabla ya gari la zimamoto kufika. Nilimwomba mwanafunzi mmoja aufungue na kuijaza ndoo, na mwenzake apime muda. Maji yalitoka kwa unyonge, yakaanguka hatua mbili tu kutoka miguuni pake. Ndoo ilichukua sekunde 110 kujaa.

Kanuni za Uingereza, ambazo wahandisi wetu wamezitegemea kwa miaka mingi, zinadai kwamba mpira wa aina hii utoe angalau lita 30 kwa dakika, na maji yaruke umbali wa mita sita hivi, hata pale ambapo mipira miwili ya mbali kabisa imefunguliwa kwa pamoja. Lita 30 kwa dakika ni nusu lita kwa sekunde. Kwa hivyo ndoo ya lita 20 yapasa kujaa kwa sekunde 40. Yetu ilichukua karibu mara tatu ya muda huo, na tulikuwa tumefungua mpira mmoja tu.

"Lakini Mwalimu," akauliza msichana mmoja, "tangi si lipo hapa juu yetu kabisa? Mbona maji hayana nguvu?"

Swali hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wenye majengo, huamini kwamba anayeishi karibu na tangi la paani ndiye aliyebahatika. Ukweli wa mambo ni kinyume. Fomula ya P = hρg, ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha pili huikariri, yasema kwamba shinikizo la maji hutokana na kimo cha maji juu ya mahali yanapotokea. Mabomba ya jengo lile yaliwekwa hivi kwamba uso wa maji tangini ulikuwa mita nne tu juu ya mpira wa orofa ya mwisho. Wahandisi hupenda kulipima shinikizo kwa mita za maji, na mita moja ni takriban kilopaskali 10. Aliyesimama pale juu, basi, alikuwa na mita nne tu za maji, hali mpira wa gurudumu wahitaji kama mita 30 ili ufanye kazi yake barabara. Wa orofa tisa kwenda chini wangepata haki yao kwa uzito wa maji peke yake. Wa juu walihitaji pampu ndogo ya kuwaongezea nguvu, na pampu hiyo haikuwapo.

Hapo ndipo nilipowaambia wanafunzi kwamba hesabu ya maji ya zimamoto haianzii tangini. Huanzia kwenye mdomo wa mpira wa mwisho, ulio juu kabisa na mbali kabisa, kisha mtu akashuka polepole hadi kwenye pampu na tangi. Anayeanzia tangini hujikuta akipima nafasi iliyobaki katika ramani ya jengo badala ya kuupima moto. Tuliamua kushuka kwa njia hiyo, orofa kwa orofa, tukiwa na daftari.

Kando ya kila mpira wa gurudumu palikuwa na koki kubwa nyekundu iliyounganishwa na bomba nene lililosimama wima kutoka chini hadi juu. Koki hiyo ndiyo ya wazima moto wenyewe. Wao hufika na mipira yao minene, wakaiunga hapo, wakaukabili moto uliokwisha kukomaa. Mahitaji ya koki hii hayafanani hata kidogo na ya mpira mwembamba. Kanuni za Uingereza ziitwazo BS 9990 zinataka bomba hilo la wima liweze kutoa lita 1,500 kwa dakika, yaani koki mbili zikitumika kwa wakati mmoja, kila moja lita 750. Mipira miwili ya gurudumu, kwa upande wake, hudai lita 60 kwa dakika. Tofauti yake ni mara 25. Namwomba msomaji aikumbuke tofauti hiyo, maana itatufaa tutakapofika kwenye pampu.

Pana hoja ambayo husikika kila mara mambo haya yanapozungumzwa. Watu husema kwamba gari la zimamoto litakuja na maji yake, kwa hivyo hakuna haja ya mwenye jengo kuyaweka mengine. Tuipime hoja hiyo kwa hesabu ya shule ya msingi. Tuseme gari limekuja na lita 4,500. Kwa lita 1,500 kwa dakika, maji hayo yatakwisha kwa dakika tatu. Hata kama bomba la mji lingekuwa na maji siku hiyo ya kulijaza gari upya, pampu ya gari aghalabu hutoa shinikizo la mita 100 hivi za maji. Sehemu kubwa ya shinikizo hilo ingemalizwa na kule kuyapandisha maji tu. Ndiyo sababu kanuni hizo zinasema kwamba jengo linalozidi mita 50 kwa urefu lisitegemee gari. Ni lazima liwe na bomba la wima ambalo daima limejaa maji, pamoja na tangi lake na pampu zake.

Sasa, maji hayo yawe kiasi gani? Jibu ni mahitaji ya kila dakika yakizidishwa kwa muda. BS 9990 imekadiria dakika 45. Lita 1,500 mara 45 ni lita 67,500. Tukiongeza mipira miwili ya gurudumu kwa muda uo huo, tunapata lita 2,700 zaidi. Jumla ni lita 70,200, ambazo ni malori saba ya maji ya lita 10,000 kila moja. Muda huo si wa kuuzima kila moto. Ni muda wa wazima moto kupanda, kuunga mipira, kuuzuia moto usipande na kuwatoa watu, wakati wengine wakitafuta maji ya ziada. Moto ukipita hapo, hakuna tangi la jengo la makazi litakaloutosha.

Tulipofika chini ya ardhi, msimamizi alitufungulia mlango wa chumba cha tangi kwa fahari. "Mwalimu, hili halijawahi kutuangusha," alisema. "Ni kubwa kuliko la majirani wote." Alisema kweli. Lilikuwa tangi la saruji lenye upana wa mita sita, urefu wa mita sita na kina cha mita tatu. Vijana walipiga hesabu upesi wakapata mita za ujazo 108, yaani lita 108,000. Walifurahi, wakaniambia kwamba jengo limevuka mtihani kwa alama nyingi. Niliwaomba wasifunge madaftari, bali wachungulie mabomba yanayotoka tangini.

Palikuwa na mabomba mawili. Moja lilienda kwenye pampu ya kupandisha maji ya matumizi hadi paani, yale ya kupikia, kuoga na kufulia. La pili lilienda kwenye pampu nyekundu ya zimamoto. Yote mawili yalichomoza kwenye ukuta wa tangi kwa kimo kimoja, sentimita chache kutoka sakafuni. Msomaji bila shaka ametambua maana yake. Pampu ya matumizi iliweza kuyanyonya maji hadi tone la mwisho, na pampu ya zimamoto ikabaki kunyonya hewa. Katika mji ambao mgao wa maji ni jambo la kawaida, jambo hilo halihitaji bahati mbaya ili litokee. Hutokea kila wakati mifereji ikikauka kwa siku mbili au tatu. Nilimwuliza msimamizi kama tangi limewahi kukauka. Alicheka kidogo akasema, "Mwezi uliopita tu, Mwalimu, tulilifagia kama sebule."

Basi tangi lile, pamoja na ukubwa wake wote, halikuwa na hata lita moja ya zimamoto. Maji ya zimamoto si yale yaliyomo tangini. Ni yale ambayo hakuna mtu mwingine anayeweza kuyachota.

Dawa ya jambo hili ni rahisi kuieleza. Bomba la matumizi lipandishwe. Sakafu ya tangi lile ina eneo la mita mraba 36. Tukizigawanya mita za ujazo 70.2 kwa 36 tunapata kina cha mita 1.95. Lakini pampu haiwezi kunyonya hadi sakafuni, kwa kuwa maji yakipungua sana huanza kuzunguka kama pia na kuingiza hewa bombani. Tuseme sentimita 30 za chini hazina faida. Kwa hivyo bomba la matumizi laanza kuchota kwenye kimo cha mita 2.25 kutoka sakafuni. Maji yakishuka hadi hapo, mifereji ya nyumbani itakauka, nayo akiba ya moto itabaki salama. Akiba hiyo hailindwi na ilani ukutani wala na ahadi ya msimamizi. Bomba lenyewe ndilo linaloilinda.

Hata hivyo, dawa rahisi kuieleza yaweza kuwa chungu kuimeza. Tangi likijaa hufika mita 2.8, kwa sababu ya nafasi inayoachwa juu. Kati ya hapo na mita 2.25 pana sentimita 55 tu, ambazo ni lita 19,800. Nyumba 72 zenye watu wanne wanne, kila mmoja akitumia lita 100, zinahitaji lita 28,800 kwa siku. Yaani tangi lililoonekana kama ziwa halikidhi hata siku moja ya matumizi pale akiba ya moto inapotengwa. Sasa tunaelewa kwa nini mabomba yaliwekwa kimo kimoja. Sidhani kwamba fundi alikosea. Nadhani mtu alikaa mezani akaona kwamba jengo lahitaji matangi mawili, akaamua kulipia moja, kisha akalihesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa wapangaji na mara ya pili kwa moto. Katika karatasi kila mmoja alitoshelezwa. Katika tangi, lita moja haiwezi kuoga mtu leo na kuzima moto kesho.

Tuliigeukia pampu nyekundu. Pampu ya zimamoto hupimwa kwa mambo mawili pamoja, nayo ni wingi wa maji inayoyatoa na kimo inachoweza kuyafikisha. Wingi tumekwisha kuupata, lita 1,500 kwa dakika, yaani lita 25 kwa sekunde. Kimo hupatikana kwa kujumlisha vitu vitatu. Cha kwanza ni urefu wa kupanda. Kutoka sakafu ya tangi hadi koki ya orofa ya mwisho tulipima mita 55. Cha pili ni shinikizo ambalo lazima libaki pale kwenye koki ili mpira wa wazima moto urushe maji. BS 9990 yataka kilopaskali 800, ambazo ni kama mita 80 za maji. Jambo hili huwashangaza wengi: maji yakisha kufika juu, safari bado haijafika hata nusu.

Kitu cha tatu ni msuguano ndani ya bomba, nao hutegemea sana upana. Tulichukua bomba la mita 100, tukiwa tumejumlisha sehemu ya ulalo na kona zake. Kwa lita 25 kwa sekunde, bomba la kipenyo cha milimita 100 hula takriban mita 12 za maji. Ukilibadilisha kwa la milimita 150, hasara hiyo hushuka hadi mita mbili hivi. Nusu ya upana imeongezwa, msuguano ukapungua mara saba. Bomba la jengo lile lilikuwa la milimita 150, na kwa hilo nampongeza aliyelichora.

Jumla yetu, basi, ilikuwa mita 55, na 80, na 2, ambazo ni mita 137. Kuzipandisha kilo 25 za maji kila sekunde kwa kimo hicho kunahitaji wati 34,250, kama kilowati 34. Hakuna pampu isiyopoteza nguvu. Tukikadiria kwamba asilimia 65 ya nguvu ndiyo inayoyafikia maji, mota yapasa kutoa kilowati 53 hivi. Mota ya kilowati 55 yaweza kununuliwa, ila inabakisha nafasi finyu, kwa kuwa pampu hula nguvu zaidi pale maji mengi yanapofunguliwa kuliko yaliyokadiriwa. Mhandisi mwangalifu angeangalia mchoro wa pampu yenyewe, na huenda angechagua ya kilowati 75.

Nilimwomba kijana mmoja asome kibao cha mota. Aliinama, akafuta vumbi kwa kiganja, akasoma: kilowati 3.

Palikuwa kimya kwa muda. Kisha yule msichana wa awali akafungua daftari lake nyuma na kusema kwamba huenda hesabu hiyo ilikuwa ya mipira ya gurudumu. Alikuwa amepatia. Lita moja kwa sekunde, kimo cha mita 90 hivi, na pampu ndogo inayopoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake: jibu linakuja kilowati mbili na kitu. Pampu ile ingewatosha wapangaji wawili wenye mipira myembamba. Mtu fulani aliichukua, akaiunga kwenye koki 18 za wazima moto, akaipaka rangi nyekundu. Na jengo lilikaguliwa, likapita, kwa kuwa aliyekagua alikuta tangi, pampu na koki, akatia alama mbele ya kila kimoja.

Asije mtu akadhani kwamba tiba ni kununua pampu kubwa kupindukia. Mita 137 zinazohitajika kwa ajili ya orofa ya juu hupatikana chini vilevile, na humo orofani chini hakuna urefu wa kuzipunguza. Mzima moto akifungua koki ya orofa ya kwanza bila kizuizi, mpira waweza kumtupa ukutani. Kwa hivyo koki za chini huwekewa vali za kupunguza shinikizo, kila moja ikirekebishwa kulingana na orofa yake. Vali hizo nazo zina hatari yake, na mfano wake umeandikwa kwa machozi katika mji wa Filadelfia, Marekani.

Usiku wa tarehe 23 Februari 1991, moto ulizuka katika orofa ya 22 ya jengo la ofisi lililoitwa One Meridian Plaza, lenye orofa 38. Chanzo chake kilikuwa vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani. Wazima moto walipanda, wakaunga mipira yao kwenye koki za jengo, wakapata maji dhaifu yasiyoweza kulisha midomo ya mipira waliyoibeba. Vali za kupunguza shinikizo zilikuwa zimerekebishwa vibaya tangu zilipowekwa. Mtaalamu wa vali hizo alipofika na kuzirekebisha, moto ulikuwa umekwisha kulitawala jengo. Umeme nao ulikatika wote, kwa sababu nyaya za kawaida na za akiba zilipita katika njia moja, na jenereta ya dharura haikufanya kazi. Moto uliwaka kwa zaidi ya saa 18, ukateketeza orofa baada ya orofa, na wazima moto watatu walifariki. Uliposimama ni orofa ya 30, ambapo vinyunyizio kumi vya darini, vilivyolishwa na magari ya zimamoto, vilifunguka. Mwaka wa 1993 kanuni za Marekani ziitwazo NFPA 14 zilipandisha shinikizo linalotakiwa kwenye koki ya juu kabisa kutoka takriban kilopaskali 450 hadi 690.

Jengo lile halikukosa koki, mabomba wala vali. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua koki siku moja kabla ya moto, akaunga kipima shinikizo, akaona kinasoma nini huku maji yakitiririka. Nasisitiza maneno hayo ya mwisho, huku maji yakitiririka. Kipima shinikizo kinachosomwa wakati koki imefungwa huonyesha urefu wa maji yaliyotulia tu. Hata pampu duni na bomba lililozibika huweza kuonyesha tarakimu nzuri pale maji yasipotembea. Hicho ndicho kosa ninalokiona katika ukaguzi mwingi wa majengo yetu. Tunahesabu vifaa, hatupimi maji.

Rai yangu ni hii. Cheti cha kukaa watu katika jengo refu kisitolewe hadi koki mbili za juu kabisa zifunguliwe pamoja, lita zipimwe na shinikizo lisomwe maji yakitoka, na matokeo yaandikwe. Mchoro wa tangi uonyeshe kwa sentimita bomba la matumizi linachota kimo gani, na mkaguzi achungulie ndani kwa macho yake. Pampu ziwe mbili, moja ya kusaidiana na nyenzake, na umeme wake utoke kabla ya swichi kuu ya jengo, maana jambo la kwanza ambalo wazima moto hufanya ni kuukata umeme wa nyumba. Bora zaidi ya pili iwe ya dizeli.

Wenye majengo watasema kwamba gharama hizo zitamwangukia mpangaji. Kwa kiasi fulani wanasema kweli. Tangi la pili huchukua nafasi ya magari mawili matatu, na nafasi ya gari jijini ni fedha. Lakini mpangaji wa orofa ya 18 anailipa gharama hiyo hata sasa, isipokuwa analipa bila kujua, kwa kuishi mahali ambapo maji hayamfikii. Ningependa apewe nafasi ya kuchagua akiwa ameona ndoo ikijazwa.

Juma lililofuata nilimpelekea msimamizi nakala ya hesabu za wanafunzi, zikiwa zimeandikwa kwa mkono safi katika kurasa nne. Aliniambia amezifikisha kwa mwenye jengo. Bomba la matumizi bado halijapandishwa, wala pampu haijabadilishwa. Ila mzee mwenyewe amechukua rangi nyeupe akachora mstari ndani ya tangi, mita 2.25 kutoka sakafuni, na maji yakifika hapo huizima pampu ya matumizi kwa mkono wake, wapangaji wapige kelele wasipige. Mstari wa rangi si bomba, na mzee hulala usiku kama watu wengine. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza tangu jengo hilo lijengwe, limo maji ndani yake ambayo ni ya moto peke yake.

Walimu wenzangu wa fizikia, ndoo ya lita 20 mnayo, na bweni la orofa tatu au nne huenda mnalo. Fungueni mipira miwili ya juu kabisa kwa pamoja mkiwa na wanafunzi wenu, na mhesabu hadi sekunde 40.